Tarehe Iliyokosea

Je, ni kosa kuondoa uongo kwenye picha? Ninauliza kwa sababu mwaka jana niliuondoa, na hadi leo sijui kama nilitenda haki.

Picha yenyewe ni ya babu, baba yake baba yangu. Ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yetu kule Tororo, miguu mitupu, amempakata dada yangu akiwa mtoto mchanga. Chini upande wa kulia kuna tarakimu za rangi ya machungwa zilizochapwa na kamera: '87 1, kisha tarakimu moja ya siku. Dada yangu alizaliwa 1995. Kwa hiyo kila aliyeitazama picha ile alijua kwamba tarehe yake haiwezi kuwa ya kweli.

Tulikuwa tunaandaa kijitabu cha misa ya kumkumbuka babu. Shangazi alinikabidhi picha na kuniambia, "Mwanangu, hiyo tarehe iondoe. Watu watauliza mtoto wa tisini na tano alipigwaje picha mwaka wa themanini na saba." Nikaiskani. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ukiiskani kwa pikseli 600 kwa kila inchi, hutoa takriban pikseli 3543 kwa 2362. Tarehe ilikuwa ndani ya sentimita moja ya ukingo wa chini.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuifunika tarehe kwa kunakili vumbi la sehemu nyingine ya ua na kulipaka juu ya tarakimu. Ya pili ni kukata ukingo. Nilichagua kukata, na sababu yangu ilikuwa ya kimaadili. Niliona kwamba kupaka ni kusema uongo, maana ningeweka vumbi mahali ambapo kamera haikuliona. Kukata ni kunyamaza tu. Kila kilichobaki kwenye picha ni cha kweli, na kilichoondoka kilikuwa cha uongo. Nikakata pikseli 240 za chini, vidole vya miguu ya babu vikaenda navyo, nikahifadhi faili kwa jina lile lile. Shangazi aliipenda sana. Ili picha yake ya ukutani ifanane na ya kwenye kijitabu, naye akachukua mkasi akaikata ile ya karatasi, akaitia kwenye fremu ndogo.

Baada ya misa, baba aliishika ile picha kwa muda mrefu. Akasema, "Hii nilimpiga mimi, kabla sijaondoka." Shangazi akamjibu kwamba si kweli: siku hiyo baba alikuwa barabarani na lori kuelekea Mombasa, na picha ilipigwa na jirani kwa kamera iliyoachwa nyumbani baada ya ubatizo. Babu alifariki tarehe 19 Desemba 1995, baba akiwa bado safarini. Kama shangazi anasema kweli, babu alikuja kumwona mwanawe mara ya mwisho na hakumkuta. Kama baba anasema kweli, waliagana. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekata.

Saa ya kamera zile za filamu ilikuwa na betri yake. Betri ikiisha na kutiwa nyingine bila mtu kupanga tarehe, saa huanza upya kutoka mwaka wake wa kwanza, ambao kwa kamera ile ulikuwa 1987. Mwaka ni wa uongo, mwezi ni wa uongo. Hata hivyo, tangu hapo saa inahesabu siku sawasawa kama saa nyingine yoyote. Inakosea kila siku kwa kiasi kile kile. Ukijua siku moja ya kweli kwenye filamu hiyo, unazijua zote.

Na siku moja tulikuwa nayo. Kwenye bahasha ile ile kuna picha ya ubatizo wa dada yangu, yenye '87 1 3. Cheti cha kanisa kinasema ubatizo ulikuwa Jumapili, 10 Desemba 1995. Nyuma ya picha mashine ya studio ilichapa namba ya fremu: ubatizo ni 11, babu ni 15. Namba inapanda na tarehe inapanda, kwa hiyo hakuna dalili kwamba saa ilianza upya katikati. Kama namba ingepanda huku tarehe ikishuka, hesabu yote ingevunjika.

Kilichohitajika ni ile tarakimu ya siku. Mimi niliiona kwa macho yangu, lakini sikuisoma, kwa kuwa nilishaihesabu kuwa takataka. Ninakumbuka 4 au 9. Katika tarakimu za vijistari, hizo mbili hufanana sana. Tofauti kubwa ni kistari cha juu, na juu ya vumbi jeupe rangi ya machungwa ilikuwa imefifia. Kama ni 4, picha ni ya tarehe 11 Desemba. Kama ni 9, ni ya tarehe 16. Muhuri wa mpaka wa Malaba kwenye pasipoti ya zamani ya baba ni wa tarehe 13. Huenda saa hiyo iligeuza siku mchana badala ya usiku wa manane, hivyo hesabu inaweza kupotoka kwa siku moja, lakini hata hivyo jibu lingekuwa wazi. Negativu zilipotea tulipohama. Kipande alichokata shangazi kilifagiliwa. Faili langu lenyewe sasa linaonyesha tarehe moja tu, ya siku niliyoskani.

Nimerudia hoja yangu ya awali mara nyingi. Kukata ni kunyamaza, ndiyo. Lakini anayenyamaza mbele ya mtu anayejua kwamba kuna jambo halijasemwa humwachia nafasi ya kuuliza. Picha iliyokatwa vizuri haionyeshi kwamba imekatwa. Mtazamaji anaona ukingo na kuamini kwamba kamera iliishia hapo. Vumbi la kupaka lingeweza angalau kugunduliwa na jicho kali.

Tena nilichanganya mambo mawili: kauli kuwa ya uongo, na kauli kutokuwa na thamani. Shahidi anayekosea daima kwa kiasi kile kile anaweza kusaidia kuliko shahidi anayesema kweli mara moja moja. Ila msaada wake haujulikani mpaka swali litokee, na swali la baba lilitokea baada ya mkasi.

Sisemi kwamba tarehe isiondolewe kamwe. Shangazi alikuwa na haki ya kutotaka tarakimu za 1987 chini ya miguu ya baba yake. Angeweza kuipata nakala yake safi huku faili zima likibaki kando kwa jina lingine, na chini ya picha kwenye kijitabu ningeandika kwamba ukingo umekatwa. Ingenichukua dakika moja. Haki ya kuondoa maneno kwenye nakala sikuwa na sababu ya kuigeuza kuwa haki ya kumnyamazisha shahidi kwa watu wote.

Baba hajanilaumu. Aliponiuliza niliona 4 au 9, nilitamani sana kumwambia 4. Nilimwambia sikumbuki.