Msimwongezee Chuma Aliyejaa Chuma

Ndugu zangu wazazi wenye watoto wa selimundu, nisikieni! Mtoto akipauka, mkono usikimbilie vidonge vya kuongeza damu. Mara nyingi damu ya selimundu haipungui kwa kukosa chuma. Inapungua kwa sababu chembe nyekundu huvunjika mapema, na chuma chake hubaki mwilini, sehemu kubwa ikingoja kutumika tena.

Sasa wekeni juu yake damu ya hospitali. Kila chupa huingiza miligramu 200 za chuma au zaidi, na mwili kwa kawaida hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Hesabuni pamoja nami. Kijana aliyeongezewa chupa 20 kwa miaka kadhaa ameingiziwa gramu 4, na mwili mzima wa mtu mwenye afya una gramu 3 hadi 4. Ziada hiyo inatua kwenye ini, kwenye kongosho, kwenye moyo. Ini linafanya makovu, sukari inapanda, kubalehe kunachelewa, moyo unaishiwa nguvu. Na dalili ya mwanzo ni uchovu! Basi mwenye huruma anasema, "Huyu hana damu," na kijana anamezeshwa kidonge chenye miligramu 60 hivi za chuma. Huo ndio mtego unaoniliza.

Na vitamini C ya dukani, ile ya miligramu 500 au 1000? Iogopeni! Inausaidia utumbo kunyonya chuma zaidi, kisha inakitoa ghalani chuma kilichokuwa kimetulia, kikazagaa kwenye damu na kuushambulia moyo. Wagonjwa wa thalasemia waliokwisha jaa chuma wamewahi kudhoofika moyo kwa sababu hiyo. Daktari bingwa anaweza kutoa kiasi kidogo, lakini baada tu ya deferoksamini, dawa ya kukitoa chuma, kuanza kazi. Chungwa la mezani silikatazi.

Wapo pia waliorithi hemokromatosi, wengi wao wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Utumbo wao hunyonya chuma hata ghala likiwa limejaa, nao hutibiwa kwa kutolewa damu, karibu nusu lita kila mara. Mtoto wenu damu yake ni haba, hivyo kwake kwa kawaida hutumika dawa.

Daini kipimo cha ferritini! Wapo wagonjwa wa selimundu waliopungukiwa chuma kweli, nao wapewe. Lakini ferritini ikizidi 1000 mara kwa mara, mtoto akiwa hana homa wala maumivu makali (maana hayo nayo huipandisha), mpelekeni kwa daktari wa damu. Na mkiandikiwa asidi ya foliki, someni pakiti kabla ya kutoka dirishani: iwe foliki peke yake. Ile iliyochanganywa na chuma irudisheni palepale.