Ukiombewa Ustawi, Umekwisha Kukataliwa

Ndugu zangu mnaouza mali Japani, nawasihi: baruapepe ikifika kutoka Tokyo, isomeni kuanzia chini. Acheni salamu kwanza. Shukeni hadi mstari wa mwisho, ule ulio juu ya jina la mwandishi, mtazame kama kuna dua. Kama mwandishi amefunga kwa kuiombea kampuni yenu izidi kustawi, na barua nzima haina tarehe wala swali hata moja, basi amkeni mwende ghalani, mkamtafutie mzigo wenu mnunuzi mwingine leo hii, kabla jua halijatua.

Wajapani wenyewe wanalijua jambo hili tangu ujana wao. Kijana anayemaliza chuo huomba kazi katika makampuni mengi, na barua za kumkataa hufungwa kwa maneno yale yale: tunakuombea mafanikio zaidi katika safari yako. Vijana wamezipa barua hizo jina, "oinori meeru", yaani barua za dua. Ukimuuliza mmoja wao usaili wa kampuni fulani uliishaje, atakujibu neno moja, "inorareta", nimeombewa. Hakuna anayemuuliza tena kama alipata kazi. Mtoto wa miaka 22 anaelewa, na sisi wenye mvi na makontena bandarini tunabaki kusema amina!

Nawaambia haya kwa sababu nimeona gharama yake. Meneja mmoja wa mauzo huko Moshi aliandaa ofa ya kontena moja la kahawa safi, daraja AA, magunia 320 ya kilo 60. Mnunuzi alikuwa kampuni ya Kijapani iliyowahi kununua kwake miaka miwili nyuma. Meneja alikuwa na sababu ya kutumaini, maana kahawa ya Tanzania ina jina kubwa kule. Inauzwa madukani kwa jina la Kilimanjaro, na wanywaji wanaiomba kwa jina hilo. Akatuma ofa mwezi wa Novemba. Baada ya wiki tatu akapata jibu kwa Kijapani, akampa mtu amtafsirie. Nililiona jibu hilo mwezi wa Machi, magunia yakiwa bado yamepangwa ghalani, kahawa imeanza kupauka na ladha yake kulegea. Lilisema hivi:

"Tunashukuru kwa fadhila zenu za siku zote. Tumepokea kwa shukrani ofa yenu ya thamani mliyotuandalia. Tumeijadili kwa makini ndani ya kampuni, lakini kwa hali ya sasa ya akiba yetu tunaona ni vigumu kidogo... Ingawa inatuuma moyo, safari hii tumeona tuahirishe. Ikitokea fursa nyingine tutafurahi sana. Tunaomba mtuelewe, na tunaiombea kampuni yenu izidi kustawi."

Meneja alisoma neno "tuahirishe" akalala usingizi mzuri. Kilichoahirishwa hurudi, ndivyo alivyofikiri. Na aliposoma "vigumu kidogo" akaona kwamba kilichobaki ni kidogo, basi akiondoe. Akaandika tena, akapunguza senti 8 kwa kila ratili. Kwa kontena zima hiyo ni zaidi ya dola 3,300, fedha ya wakulima, iliyotupwa miguuni pa mtu ambaye hakuwa ameiomba.

Sasa sikilizeni, nipitie maneno matatu tu ya barua ile, maana ndani yake ndimo kontena lilimozama.

La kwanza ni hilo "tuahirishe". Neno la Kijapani lililoandikwa pale lilikuwa "miokuru". Maana yake ya asili ni kumsindikiza mgeni: kusimama kituoni, kumpungia mkono, kumtazama mpaka treni ipotee. Katika biashara limekuja kuwa na maana ya kuiacha nafasi ipite. Mtafsiri akiwa na haraka huliandika "kuahirisha", na kamusi nyingine zinamruhusu. Lakini sisi Waswahili tunahitaji kamusi gani kwa neno hili? Tunajua kusindikiza ni nini! Mwenyeji akishika mkoba wako na kukutoa hadi njiapanda, hata akiongea nawe kwa upole namna gani, hajakuandalia kitanda. Na kitenzi kile hakikusimama peke yake. Kilivikwa "sasete itadakimasu", mnyenyekeo wa mtu anayeomba aruhusiwe kufanya jambo. "Miokurasete itadakimasu." Tunaomba mturuhusu tuwasindikize. Unyenyekevu ule haukuwa ombi linalosubiri jibu la meneja. Uamuzi ulikwisha pita, na unyenyekevu ulikuwa nguo yake tu. Kadiri nguo inavyozidi kuwa nzito katika barua ya Kijapani, ndivyo mnavyopaswa kujiuliza ni habari gani mbaya imefunikwa chini yake. Mtu anayenunua haandiki kwamba moyo unamuuma.

La pili ni "vigumu kidogo", kwa Kijapani "shooshoo muzukashii". Ndugu zangu, lile "kidogo" halipimi ugumu. Ni mto uliowekwa ili neno lisiangukie sakafuni kwa kishindo. Wajapani wenyewe huyaita maneno ya namna hii "kusshon kotoba", maneno ya mto. Na tazameni vile vitone mwishoni mwa sentensi. Katika Kijapani kitenzi huja mwisho, kwa hiyo mwandishi anaweza kutaja mambo yote kisha akaliacha neno zito lenyewe bila kulitamka. Sentensi ikaning'inia. Msomaji wa Kijapani huimalizia moyoni mwake. Meneja wetu aliimalizia pia, ila alitia ndani yake tumaini lake mwenyewe.

La tatu ni "tumeijadili", na hapa nataka mkae nami, kwa sababu neno hili linaweza kuwa uhai au kifo. Kwa Kijapani ni "kentoo", kuchunguza na kutafakari. Likija kwa wakati uliopita, "tumekwisha kuchunguza", na nyuma yake likafuata "lakini", basi mlango umefungwa. Likija kwa wakati ujao, "tutachunguza", au hata lile tamu zaidi, "maemuki ni", tutachunguza tukiwa tumeelekea mbele, hapo bado hamjui kitu. Mtajuaje? Tazameni kama wanawauliza maswali.

Nieleze sababu, maana wengi wanaambiwa dalili bila kuambiwa chanzo. Anayewaandikia, mhusika wa kila siku ambaye huitwa "tantoosha", kwa kawaida si yeye anayeamua. Katika makampuni mengi ya Kijapani, hasa yale makongwe, anayetaka kununua huandika waraka uitwao "ringi", ukapita meza hadi meza, kila mkubwa akigonga mhuri wake. Na kabla waraka haujaanza safari, mhusika huzunguka kwa kila mwenye mhuri akiongea naye kimya kimya. Hilo huitwa "nemawashi", neno la watunza bustani: kuchimba kuizunguka mizizi ya mti kabla ya kuuhamisha. Basi fikirini. Mtu anayezunguka hivyo kwa ajili ya kahawa yenu ataulizwa mambo mengi kule ndani. Sampuli iko wapi? Bei hadi Yokohama ni kiasi gani? Meli inaondoka Dar es Salaam lini? Dawa gani zilipuliziwa shambani? Swali hili la mwisho huulizwa kwa ukali, kwa sababu tangu 2006 Japani huweka kikomo cha sehemu 0.01 kwa kila milioni kwa mabaki ya dawa yoyote ambayo haijapangiwa kikomo chake. Mhusika hawezi kuyajibu maswali haya bila ninyi. Kwa hiyo atawasumbua. Atawaandikia Jumatatu na Jumatano, atawaudhi kwa jinsi anavyorudia jambo moja. Usumbufu huo, ndugu zangu, ndio mapigo ya moyo wa biashara! Anayewashukuru kwa ufasaha asiwaulize kitu hana waraka wowote mezani.

Wala msiseme kwamba watu hawa ni wa mafumbo na sisi ni wa kusema wazi. Ni nani kati yetu aliyepeleka posa akaambiwa "hapana"? Mzee hupokea barua, huwakaribisha wageni chai, husifu ukoo wao, kisha husema binti bado anasoma. Mshenga mwenye akili hamuulizi anamaliza lini. Huinuka, hushukuru, na njiani humwambia kijana akatafute kwingine. Masikio hayo hayo tunayo. Kwa nini tunayavua mlangoni mwa ofisi?

Lakini nisiwapeleke upande wa pili mkaanguka huko, mkasikia kukataliwa katika kila neno la upole. Mjapani akiandika kwamba ni vigumu "kwa bei hii", au "kwa tarehe hii ya meli", amewaonyesha ni wapi panapouma, na hapo mazungumzo yapo. Tofauti iko katika sababu anayoitaja. Sababu mnayoweza kuigusa, kama bei, uzito au tarehe, ni mwaliko. Sababu iliyo ndani ya nyumba yake, kama hali ya akiba yao, mipango ya kampuni au "shanai no jijoo", mambo ya ndani ya kampuni, imechaguliwa kwa sababu hamwezi kuifikia. Punguzo la senti 8 halipunguzi akiba iliyo katika ghala la mtu mwingine.

Na lile "safari hii", "konkai wa", lipokeeni kama lilivyo. Si ahadi ya safari nyingine. Ila si uongo pia: wamekataa mzigo, hawajakataa kujuana nanyi. Ndiyo maana walihangaika kuandika kwa upole kiasi kile. Anayewabana sasa aseme "ndiyo au hapana" anauvunja mlango ambao wao walikuwa wakiutunza.

Basi andikeni namna hii, kama tulivyoandika na yule meneja mwezi wa Machi. Tuliwashukuru kwa kuijadili ofa. Hatukuuliza kwa nini, na tukaliondoa punguzo bila kulitaja tena. Kisha tukaandika: "Tunafikiria kumpa mnunuzi mwingine magunia haya 320 kuanzia tarehe 15. Tukifanya hivyo, je, hamtapata usumbufu wowote?" Oneni jinsi swali lilivyogeuzwa. Ili watukatae sasa walihitaji kusema jambo jema, kwamba hapana shida, endeleeni. Mwisho tukaongeza kwamba uchumaji wa msimu mpya Kilimanjaro huanza mwezi wa Julai, na tutawaletea sampuli za mwanzo.

Wiki tatu walizotumia Novemba hazikuhitajika tena. Jibu lilifika asubuhi iliyofuata, mistari minne, bila mto hata mmoja: hakuna usumbufu wowote, tafadhali endeleeni. Na chini yake, mahali ilipokuwa dua, palikuwa na swali: sampuli za Julai zitakuwa za gramu ngapi?