Uzi Ulikatikia Wapi?

Leo nina swali moja tu: ukifanya kosa ambalo hakuna aliyeliona, na lawama ikamwangukia mwenzako, je, kunyamaza ni kusema uongo?

Mimi ni fundi mitambo wa bendi ya vijana hapa Kayanga. Napakia vyombo kwenye gari, naunganisha spika, nabadilisha nyuzi za magitaa na kuyatyuni, kisha nakaa nyuma ya jukwaa. Mambo yakienda sawa hakuna anayejua kama nipo. Hilo nimelizoea. Ambalo sikuwahi kulifikiria ni upande wa pili: hata nikikosea, hakuna anayejua.

Tulikuwa na onyesho Nkwenda, wilayani Kyerwa. Usiku wa kuamkia safari, mazoezini, uzi wa kwanza wa gitaa la solo ulikatika, ule mwembamba kuliko wote. Fundi hukimbilia kuangalia umekatikia wapi. Ukikatikia katikati, mara nyingi ni uzee: jasho na kutu. Ukikatikia juu, kwenye vifunguo vya kukazia, huenda ulipindwa vibaya. Ukikatikia chini, kwenye kile kichuma ambacho uzi unakalia, na hasa ikiwa ni mara ya pili hapo hapo, basi kichuma kina ukingo mkali. Uzi wenyewe unene wake ni kama robo ya milimita. Kila ukipigwa unasuguliwa pale pale mpaka unakatika.

Ule ulikatikia chini, na haikuwa mara ya kwanza. Nikapitisha kidole, kikakwaruzwa. Dawa yake naijua: kukunja msasa laini, kusugua mpaka pawe laini kabisa, ndipo unafunga uzi mpya. Dakika kumi tu. Nikafunga uzi mpya bila kusugua. Nikajiambia, nitasugua kesho. Kesho yake kukawa na kupakia, safari, jenereta, spika inayokoroma. Saa nane mchana tukaanza. Nikasema moyoni, uzi ni mpya, utavumilia.

Wimbo wa tatu, ukakatika.

Sasa, gitaa lile kichuma chake hakijafungwa kikakaa imara. Nyuma yake kuna springi zinazovutana na nyuzi sita. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, na nyuzi tano zilizobaki zinakazika na kupanda sauti. Kwa hiyo mpigaji hakukosa uzi mmoja tu, gitaa zima lilitoka kwenye tyuni. Gitaa la akiba hatukuwa nalo. Nikafunga uzi, nikauvuta kwa mkono ili ulegee mapema, nikatyuni zote sita, kisha nikarudia tena tangu mwanzo, maana ukikaza mmoja, wengine wanashuka. Dakika nane hivi. Mbele ya watu waliokaa juani, dakika nane ni ndefu jamani.

Jioni mwalimu akamwambia mpiga solo mbele ya wote, "Wewe unapiga kwa pupa, ndiyo maana unakata nyuzi." Kijana akainama, "Samahani, mwalimu." Kipande cha uzi kilikuwa mfukoni mwangu.

Nilijitetea hivi: sijasema neno, kwa hiyo sijadanganya. Lakini mtu pekee aliyejua ukweli nilikuwa mimi. Nilipokaa kimya, neno la mwalimu likawa ndiyo ukweli wa wote. Nikajitetea tena: mbona sifa sipewi, kwa nini nipewe lawama? Hapo nako nilikwama. Mpiga enanga wa huku kwetu Kagera akijikazia nyuzi mwenyewe, zikimwangusha, lawama haina kwa kwenda. Sisi mkono unaokaza ni mmoja na unaopiga ni mwingine, na yule anayepiga hana namna ya kunikagua akiwa jukwaani. Ananiamini tu. Sifa ningeweza kuikosa bila kumdhulumu mtu. Lawama nikiikwepa, lazima mtu aibebe.

Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba aliyekosea ukweli na haki ana wajibu wa kufidia, hata kama ameshasamehewa. Kwa hiyo kuungama tu kusingetosha. Wala kumnong'oneza yule kijana kusingetosha, kwa sababu alilaumiwa mbele ya watu.

Mazoezi yaliyofuata nikasimama. Nikamwonyesha mwalimu kipande cha uzi, kilikatikia wapi, nikampa gitaa apitishe kidole mwenyewe. Aibu niliyoona naijua mimi. Mwalimu akasema kuanzia sasa gitaa likaguliwe na watu wawili kabla ya safari, basi.

Tukiwa tunafunga vyombo, yule kijana akanisogelea. "Kaka," akasema, "kumbe. Mimi nilishaanza kupiga kwa woga."

Hilo ndilo sikulihesabu nilipokuwa kimya.