Acha Daftari Likusemee

Mwanangu, nimeisoma karatasi yako ya kuomba ufadhili wa uzamili. Aya nzima ya kwanza ni sifa: una bidii, una maono, unapenda watoto. Hata mwalimu anayeingia darasani kengele ya pili ikilia huandika hivyo. Atakayeisoma hakujui, wala hajapata kuvuka feri ya Likoni; hana pa kuyapimia maneno hayo. Chema chajiuza.

Ifute. Mahali pake eleza kazi moja, tangu ilipoanza hadi ilipokwama. Tuseme darasa lako la gredi ya tatu huko Mtongwe lina watoto 52. Februari uliwaita mmoja mmoja wakakusomea kifungu kifupi cha Kiswahili, na 21 hawakufika mwisho. Ukawagawa hao katika vikundi kwa kiwango cha kusoma, dakika 20 kila asubuhi kabla ya somo la kwanza. Oktoba ukawaita tena, ukawapa kifungu kingine chenye ugumu ule ule, wakabaki 8. Hilo neno “kingine” usilisahau. Ukirudia kifungu cha Februari, msomaji makini atauliza kama walisoma au walikariri. Na kama katika wale 21 wapo waliohama katikati ya mwaka, sema wangapi. Mtoto aliyehama usimhesabu kati ya waliojua kusoma kwa sababu yako.

Sasa njoo kwenye kile ulichokiacha nje, labda kwa kuona haya. Katika waliofika mwisho wa kifungu, wengine hawakuweza kukueleza wamesoma nini. Vikundi vyako viliwafundisha kutamka, havikuwafundisha kuelewa. Kwangu mimi hapo ndipo lilipo ombi lako lote. Fungua orodha ya masomo ya chuo unachokitaka, tafuta somo linalohusu ufahamu wa kusoma, ulitaje kwa jina lake, useme ni swali gani la Mtongwe unataka likujibu. Usipoliona somo hilo, basi chuo hicho si chako, hata kiwe na jina kubwa vipi.

Baadhi ya wafadhili huuliza pia utakachofanya ukirudi. Chevening, kwa mfano, hutaka uwe umefanya kazi angalau saa 2,800, na baada ya masomo ukae kwenu si chini ya miaka 2. “Nitaisaidia jamii yangu” haijibu kitu. Sema utarudi darasa lipi, na walimu wa shule zipi jirani utawafundisha njia hiyo ya vikundi.

Majina ya watoto yasionekane popote. Halafu mpelekee mwalimu mkuu nakala pamoja na daftari lako la alama kabla hajaandika barua ya kukupendekeza. Akiandika kwa kukisia kwamba uliwainua watoto 30, na wewe umeandika 13, watawashuku nyote wawili.