Anwani Husomwa Kuanzia Kulia

Watanzania tumeshazoea kucheka tukipata ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii". Imetuzunguka miaka mingi kiasi kwamba hata mtoto wa shule anaifuta bila kumwuliza mtu. Meseji ninayoizungumzia hapa haichekeshi. Haitoki kwenye namba usiyoijua, inakuja kwa jina la benki yako, inakaa chini ya meseji za kweli za benki hiyohiyo, na haikuombi hela hata senti moja.

Tumtwae mama mmoja mwenye duka la vitenge. Kisa chake ni cha kutunga, lakini hakuna hatua ndani yake ambayo haijawahi kumpata mtu halisi. Ni Ijumaa alasiri, wateja wawili wanabishana naye bei, simu inalia. Juu kwenye kioo limeandikwa jina la benki. Meseji ya asubuhi, iliyomjulisha malipo ya mteja wa jumla, ipo palepale, na chini yake imeingia nyingine:

```
Ndugu mteja, kifaa kipya kimesajiliwa kwenye akaunti yako.
Kama si wewe, kizuie kabla ya saa 11:00 jioni:
https://www.benkiyetu.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia
```

Jina la benki nimelibuni. Anwani yenyewe ndiyo tutakayoirudia, lakini kwanza tujibu swali ambalo kila mtu huuliza: meseji ya mwizi imeingiaje kwenye uzi wa benki?

Jina linaloonekana mahali pa mtumaji si namba ya simu. Ni maandishi tu, yaliyojazwa na mfumo uliotuma meseji. Pale ambapo mitandao haizuii, mtu mwenye mfumo wa kutuma meseji nyingi anaweza kuandika jina lolote, na simu yako, ikiona jina lilelile, inazipanga meseji zote pamoja. Simu haina njia ya kujua kwamba ya juu imetoka benki na ya chini imetoka chumbani kwa tapeli. Hivyo uzi wa meseji si ushahidi wa kitu chochote.

Mama anabofya. Ukurasa unaofunguka ni ule anaoujua: rangi zilezile, nembo ileile, hata picha ya familia inayotabasamu. Kunakili ukurasa wa mtandao ni kazi ya dakika chache, maana kivinjari chochote kinapoonyesha ukurasa kimeshaupokea wote. Anaandika jina lake la kuingilia na nywila. Ukurasa unamwambia asubiri kidogo.

Katika kusubiri huko ndimo kazi inamofanyika. Upande wa pili, mtu au programu inachukua alichoandika na kukiingiza kwenye tovuti ya kweli ya benki papo hapo. Benki nayo, ikiona kifaa isichokijua, inafanya inavyopaswa: inamtumia mteja wake namba ya uthibitisho. Meseji hiyo ni ya kweli kabisa. Inasema: "Namba 482913 ni ya kusajili kifaa kipya. Usimpe mtu yeyote." Lakini mama haisomi. Simu imemwonyesha tarakimu juu ya kioo, ukurasa wa bandia umefungua visanduku sita vya kuzijaza, na yeye anataka kukizuia hicho kifaa cha mwizi kabla ya saa 11. Anazijaza. Kwa mkono wake mwenyewe amekisajili kifaa alichokuwa anakikimbia.

Nadhani hapa ndipo mahali palipo na ukatili zaidi kuliko pote. Neno moja tu katika meseji ya kweli, "kusajili", lilipingana na neno la ukurasa wa bandia, "kuzuia". Aliyesoma sentensi nzima angeona kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja. Lakini nani husoma sentensi ya namba ya uthibitisho? Tumezoea kuchukua tarakimu na kuacha maneno.

Baada ya hapo ukurasa ukamshukuru na kumpeleka kwenye tovuti halisi ya benki. Jioni alimwita mtoto wa dada yake, kijana anayejua simu.

"Mama mdogo, mbona hii ndiyo tovuti yao yenyewe?" alisema, akikisogeza kioo karibu. "Angalia, benkiyetu.co.tz. Hapa hakuna tatizo."

Hakukosea kusoma, bali alisoma ukurasa wa mwisho. Wezi wengi humrudisha mtu kwenye tovuti ya kweli makusudi, ili atakayekuja kukagua baadaye akute kila kitu kiko sawa. Palipotakiwa kuangaliwa ni kwenye historia ya kivinjari, na kijana alipoifungua dakika kumi baadaye, aliikuta ile anwani ndefu.

Sasa tuisome.

Anwani ya mtandao huanza na `https://`. Ruka sehemu hiyo. Kisha tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, na yote yaliyo kulia kwake yaache, kwa sababu mwenye tovuti anaweza kuandika huko chochote apendacho. Kwa anwani yetu, `/ingia` imeondoka na kimebaki hiki:

```
www.benkiyetu.co.tz.hakiki-akaunti.com
```

Jicho letu limefundishwa kusoma kutoka kushoto, na mwizi analijua hilo, ndiyo maana ameweka jina la benki mwanzoni. Lakini umiliki wa anwani husomwa kutoka kulia. Mwisho kabisa kuna `.com`, na kabla yake kuna `hakiki-akaunti`. Basi mwenye tovuti ni `hakiki-akaunti.com`, na hakuna mwingine. Yaliyotangulia, yaani `www.benkiyetu.co.tz`, ni majina aliyoyabandika mwenyewe. Ni kama mzee anayemwita mwanawe Sultani: Sultani bin Juma ni mtoto wa Juma, na jina hilo halimpi ufalme wowote. Aliyenunua `hakiki-akaunti.com` ana ruhusa ya kuwaita watoto wake majina ya benki zote za nchi, bila kuomba kibali kwa yeyote.

Kwa anwani za nyumbani kuna kitu kimoja cha kuongeza. `co.tz` ni ukoo mmoja, si jina la mtu, sawa na `or.tz`, `ac.tz` na `go.tz`. Kwa hiyo ukikuta mwisho wake ni `co.tz`, mwenye tovuti ni neno lililo mara moja kushoto kwake. `benkiyetu.co.tz` ni ya benki. `www.benkiyetu.co.tz` ni ya benki pia, kwa kuwa ukitoka kulia unaikuta `benkiyetu` ikiwa imeshikana na `co.tz`.

Kistari nacho kinadanganya. Nukta hutenganisha, kistari hakitenganishi kitu. `benkiyetu-co-tz.com` ni jina moja refu ambalo mtu yeyote angeweza kulinunua kwa fedha kidogo, wala halina uhusiano na `benkiyetu.co.tz`. Ukiona alama ya @ katikati ya anwani kabla ya mkwaju ule wa kwanza, kilicho kushoto kwake hakihesabiki. Anayefunguliwa ni aliye kulia.

Na kufuli? Watu wengi bado wanaamini kwamba alama ya kufuli pembeni ya anwani ni dhamana ya uaminifu. Kufuli ilimaanisha kitu kimoja tu, kwamba maneno yako hayasomwi na mtu njiani. Haikusema lolote kuhusu nani anayapokea mwisho wa njia, na cheti kinachowezesha hilo kinapatikana bure, kwa mwizi kama kwa mwingine. Mnamo Septemba 2023 Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari cha Chrome, kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Lazima niseme pia mahali ambapo usomaji huu unagota. Unakuambia nani mwenye tovuti, haukuambii kama huyo ndiye benki. Ili hilo ulijue, unahitaji kuijua anwani ya kweli kabla ya meseji kufika, kutoka kwenye taarifa ya akaunti au tawini. Tena jicho lina kikomo chake: herufi r na n zikisimama pamoja hufanana na m kwenye kioo kidogo, na anwani ndefu hukatwa kwa kukosa nafasi. Viungo vilivyofupishwa ndivyo kabisa, havina cha kusoma. Kwa hiyo ninavyofanya mimi ni kutoingia benki kupitia kiungo chochote. Nafungua programu ya benki au naandika anwani mwenyewe. Kama kweli kuna kifaa kipya kwenye akaunti, nitakikuta humo. Anayetunza nywila zake kwenye programu ya kuhifadhi nywila ana mlinzi wa ziada: programu hiyo hulinganisha anwani herufi kwa herufi, na ikikaa kimya bila kukujazia nywila, usiiandike kwa mkono.

Mambo haya yote yalitokea kwa ukubwa Singapore mwezi Desemba 2021. Wateja wa benki ya OCBC walipokea meseji zilizoingia kwenye uzi wa benki yao, wakabofya, na wengi walipoteza fedha katika wiki ya Krismasi. Waliopatwa walikuwa 790 hivi, na hasara ilifika dola milioni 13.7 za Singapore. Benki iliamua kuwarudishia wote kwa hisani. Mwezi uliofuata benki za nchi hiyo zilitakiwa kuondoa viungo kwenye meseji na barua pepe za wateja wa kawaida, na kuweka angalau saa 12 kati ya kusajili kifaa kipya na kifaa hicho kuanza kufanya kazi. Kuanzia Januari 31, 2023, jina la mtumaji lisilosajiliwa huonekana kwenye simu za huko likiwa limebadilishwa kuwa "Likely-SCAM", yaani huenda ni utapeli.

Zile saa 12 ndizo zingemwokoa mama wa vitenge, kwani kijana angeiona historia ya kivinjari kabla kile kifaa hakijaamka. Kwake mambo yalikwenda haraka. Alipopiga namba iliyo nyuma ya kadi yake, shilingi 2,800,000 zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye akaunti ya simu na kutolewa kwa wakala. Muamala wa pili ulikuwa bado haujakamilika. Mhudumu aliuzuia, akakiondoa kile kifaa, kisha akamwambia abadilishe nywila kwa kuingia kwenye programu yenyewe na aipeleke polisi picha ya meseji ikiwa na anwani nzima. Mama akairipoti meseji kwenye namba 15040. Mhudumu alitaka pia kujua kama nywila ile aliitumia mahali pengine. Alikuwa ameitumia kwenye barua pepe yake, na saa ilikuwa imeshafika 12:20 jioni.