Bwawa la watu kumi

Kila kikundi cha ufugaji wa samaki huanza na hesabu inayopendeza macho. Vifaranga mia tisa, kila samaki shilingi 7,500, zidisha, gawanya kwa wanachama, na kila mtu anaona ada ya shule na bati za nyumba. Hesabu hiyo hukosea kwa sababu inaruka miezi iliyo katikati, na katikati ndiko vikundi vinakofia. Nataka tuipitie pole pole, kwa bwawa moja la kukadiria huku kwetu Maramba, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ambako maji yapo na joto lipo. Bei nitakazotumia ni za makisio. Kila kikundi kiweke zake.

Tuchukue watu kumi na bwawa la mita 20 kwa 15. Upande wa kuingizia maji uwe na kina cha kama sentimita 80, upande wa kutolea ufike mita moja na robo. Udongo unaochimbwa ndio unaoinua kingo, kwa hiyo hulazimiki kuchimba kina chote. Kwa bwawa hili tukadirie mita za ujazo 200 za udongo. Mtu mmoja mwenye jembe na sepeto huchimba kama mita mbili za ujazo kwa siku, ardhi isipokuwa ya mawe. Hizo ni siku-kazi 100. Ongeza 30 za kushindilia kingo kwa tabaka, kupanda nyasi juu yake na kuchimba mfereji wa kukinga maji ya mlimani. Jumla 130, yaani siku 13 kwa kila mwanachama.

Hapa hufanyika kosa la kwanza. Kwa kuwa kazi inafanywa kwa msaragambo, bajeti huandika sifuri kwenye mstari wa uchimbaji. Lakini kibarua akilipwa shilingi 10,000 kwa siku, msaragambo huo una thamani ya shilingi 1,300,000, na ndio mtaji mkubwa kuliko wote kikundi kilio nao. Usipoandikwa, aliyechimba siku 13 na aliyechimba nne watasimama sawa siku ya kugawana, na hapo ugomvi hautakosekana. Andikeni jina na siku, na aliyepungukiwa alipe pengo lake kwa fedha au kwa zamu za ulinzi. Mali bila daftari huisha bila habari, na jasho nalo ni mali.

Fedha taslimu za ujenzi si nyingi: mabomba ya kuingiza na kutoa maji, wavu wa kuziba midomo yake, saruji kidogo. Tuweke 350,000. Kabla ya jembe la kwanza, kama maji yatachepushwa kutoka mtoni, kikundi kiende kuomba kibali Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo mito yetu ya Umba na Zigi iko chini yake. Pia udongo upimwe kwa mkono: finyanga donge lenye unyevu, lirushe juu, lidake. Likisambaratika, hapo pana mchanga mwingi na bwawa litavuja. Afadhali kuhama eneo siku hiyo kuliko kulilia maji mwezi wa pili.

Sasa vifaranga. Kwa samaki watatu kwa kila mita ya mraba tunahitaji 900. Wawe perege madume watupu, hata kama bei yao iko juu, kwa sababu perege waliochanganyika huanza kuzaana wakiwa na miezi mitatu au minne, na bwawa hujaa vidagaa vinavyokula chakula cha wakubwa. Ukiona vitoto vidogo vinaogelea pembezoni ilhali uliuziwa madume, ujue umechanganyiwa. Kwa shilingi 200 kila mmoja ni 180,000, na usafiri wa mifuko yenye hewa tuweke 70,000. Mifuko ikifika, ielee kwanza juu ya maji ya bwawa kama robo saa ili joto lilingane. Anayemwaga vifaranga moja kwa moja hupoteza wengi siku ya kwanza na hatajua hadi siku ya mavuno.

Kisha chakula, na hapa ndipo penye moyo wa jambo zima. Tukijaliwa samaki 85 katika kila mia wakafika, tutakuwa na 765. Wakifikia gramu 300 kila mmoja kwa miezi saba, ni kilo 230 hivi. Katika maji yaliyorutubishwa kwa samadi mpaka yakawa ya kijani, kilo moja ya samaki hudai kama kilo moja na nusu ya chakula kizuri. Jumla kilo 350, na kwa shilingi 3,000 kwa kilo ni 1,050,000.

Mhasibu wa kikundi huiandika namba hiyo mara moja na kugeuza ukurasa. Lakini samaki hawali hivyo. Mwezi wa kwanza wakiwa wadogo watakula kama kilo 10 tu. Mwezi wa pili 20, wa tatu 30, wa nne 45, wa tano 65, wa sita 80, na wa saba 100. Tazama: miezi miwili ya mwisho inakula kilo 180, zaidi ya nusu ya chakula chote, shilingi 540,000. Maana yake, mwezi wa pili kasha linaonekana limejaa na samaki wanaonekana hawana gharama. Ndipo mmoja anaomba akopeshwe kwa msiba, mwingine kwa mbegu za mahindi, na wote wanakubali kwa utu. Mwezi wa tano kasha ni tupu, chakula kinapunguzwa hadi kiganja, na samaki wanadumaa palepale ambapo wangeongeza uzito mwingi zaidi.

Kwa hiyo, bajeti ya bwawa isomwe kwa mwezi. Kila mwanachama akitoa 3,500 kwa wiki kwa wiki 30, kikundi kinapata 1,050,000 kamili. Wala msinunue chakula chote mapema kwa kuogopa vishawishi: unyevu wa huku kwetu huleta ukungu kwenye magunia, na chakula chenye ukungu huua. Tunzeni fedha, kwenye akaunti ya watia saini watatu, na muiite amana ya samaki. Mwenye shida asaidiwe kutoka mfuko mwingine. Huu si ukatili. Kiumbe uliyemfungia ndani ya kingo nne hawezi kwenda kujitafutia, na ahadi ya kumlisha ni yako.

Wapo watakaosema tuchanganye wenyewe pumba za mahindi, mashudu na dagaa. Ni sawa, ila bei ya kilo isikudanganye. Mchanganyiko wa 1,800 kwa kilo, ukihitaji kilo mbili kwa kila kilo ya samaki, utataka kilo 460, yaani 828,000. Umeokoa 220,000 hivi, wala si asilimia 40 ya gharama kama ilivyoonekana dukani. Ili kujua kama chakula kinageuka nyama, vueni samaki 30 kila mwezi, wapimeni kwa pamoja, gawanyeni, andikeni wastani. Uzito usipopanda, tafuteni sababu mwezi huo huo. Na alfajiri wakionekana wamejaa juu ya maji wakihema, hewa imepungua majini: simamisheni samadi na chakula, ingizeni maji mapya.

Majira nayo ni sehemu ya bajeti. Chimbeni kati ya Agosti na Oktoba ardhi ikiwa kavu, vuli ijaze bwawa Novemba, vifaranga viingie katikati ya Desemba. Miezi ya joto itawakuza haraka. Masika ya Aprili na Mei ndiyo hatari, kwani maji yakipita juu ya kingo samaki wote wanaondoka usiku mmoja. Mfereji wa kukinga ulichimbwa kwa ajili ya usiku huo. Katikati ya Julai wametimiza miezi saba, na kusi inavuma. Bahari ikichafuka, vyombo vidogo vya Moa na Kwale havitoki kwa wingi, samaki wa baharini wanakuwa adimu huku bara, na perege wako anapata bei. Usiwaache hadi Septemba ukitamani wanenepe. Maji ya baridi hupunguza ukuaji, na samaki wa uzito huo wanaendelea kukugharimu kilo tatu au nne za chakula kila siku.

Tuuze. Toa kilo 15 za kuliwa na kuharibika, zibaki 215. Kwa 8,000 kwa kilo ni 1,720,000. Gharama za msimu: vifaranga na usafiri 250,000, chakula 1,050,000, samadi na chokaa 50,000, nyavu, barafu na usafiri wa mavuno 100,000. Jumla 1,450,000. Faida ni 270,000, au 27,000 kwa kila mmoja wa wale kumi, baada ya miezi saba. Na faida hiyo haijarudisha hata zile 350,000 taslimu za ujenzi, sembuse jasho la msaragambo. Wakikopesha kilo 34 tu kwa ndugu na majirani wasiolipa, faida yote imekwenda. Ndiyo maana mavuno yatolewe kwa awamu, kwa oda zilizochukuliwa mapema kwa mama lishe, shuleni na kambini JKT, na fedha ipokewe papo hapo ukingoni.

Siandiki haya kumvunja mtu moyo. Naandika kwa sababu nimechoka kuona jirani na jirani wakiitana wezi kwa fedha ambayo haikuwepo tangu mwanzo. Hakuna aliyeiba, ni hesabu iliyoahidi kisichoweza kutoka katika mita 300 za mraba. Bwawa moja kwa watu kumi ni shule ya msimu mmoja. Linalipa pale wanapokuwa wachache zaidi, au wanapokuwa tayari kurudisha faida kuchimba la pili na la tatu, ambapo mlinzi yule yule, nyavu zile zile na safari ile ile ya vifaranga vinahudumia yote.

Basi, ninyi mnaojiandaa kuandikisha kikundi ili kuomba mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, ombi langu ni moja. Kabla ya kusaini, chukueni karatasi, choreni miezi kuanzia Agosti hadi Julai, na chini ya kila mwezi andikeni fedha inayotoka na inayoingia. Mtaona kuwa inayoingia kutokana na samaki ni ya mwezi mmoja tu. Kama rejesho la kwanza linaangukia kabla ya mwezi huo, msisaini mkopo huo.