Sauti Ilisema Msasa, Picha Ilikuwa Plastiki

Mwaka 1959 televisheni za Marekani zilirusha tangazo la dakika moja la Rapid Shave, povu la kunyolea ndevu la kampuni ya Colgate-Palmolive. Tangazo hilo lilitengenezwa na kampuni ya matangazo ya Ted Bates. Msimulizi aliahidi kuthibitisha nguvu ya povu hilo kwa kulipaka kwenye karatasi kavu ya msasa. Alipotaja kupaka, povu lilionekana likipakwa. Akataja kulowesha, kisha kunyoa, na papo hapo wembe ukapita mara moja ukaacha njia safi.

Kila mstari ulikuwa na picha yake, na hivyo ndivyo tunavyofundishwa kuandika. Lakini kilichonyolewa hakikuwa msasa. Kilikuwa kipande cha plastiki ngumu kilichomwagiwa mchanga juu.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipochunguza, ilikuta kwamba msasa wa aina ile ulihitaji kuloweshwa kwa dakika 80 hivi kabla ya kunyoleka. Kampuni zikajitetea kwamba msasa halisi, kwenye televisheni za wakati ule, ungeonekana kama karatasi ya kawaida tu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1965 zikashindwa.

Ndugu zangu wa Kambove na Likasi mnaowaandikia wenye maduka matangazo, tusiseme hayo ni ya wakubwa wa mbali. Mtego huu unaweza kuninasa mimi, unaweza kukunasa wewe, kwa sababu dalili zake zinafanana na shida za kawaida za kazi.

Dalili ya kwanza ilikuwa muda. Sekunde 60 ni chache: kwa Kiswahili kinachosomwa bila kukimbizwa, maneno yapata 110 yanazijaza. Kwa hiyo tunakata. Mtazamaji anajua tunakata, na hakasiriki. Ila pale neno la kulowesha lilipofuatwa moja kwa moja na wembe, dakika 80 zilimezwa kati ya mstari na mstari, na hakuna neno wala picha iliyosema kwamba muda umepita.

Dalili ya pili ilikuwa kitu halisi kukataa kuonekana vizuri. Hapo mwandishi alipaswa kurudi kwenye karatasi na kutafuta onyesho jingine. Badala yake skripti ilibaki vilevile, kikabadilishwa kitu.

Dalili ya tatu, nzito kuliko zote, ni ahadi ya kuthibitisha. Jaji Mkuu Earl Warren, aliyeandika hukumu, alitofautisha jambo hili kwa mfano wa aiskrimu. Taa za studio huiyeyusha, hivyo viazi vya kupondwa vikiwekwa mahali pake kwenye meza ya familia, hakuna aliyedanganywa. Lakini tangazo likimwambia mtazamaji aangalie rangi na ulaini wa aiskrimu ili aamini ubora wake, viazi hivyo vimekuwa uongo. Pambo linaweza kuwa bandia. Ushahidi hauwezi.

Tuseme basi unaandikia sabuni ya kipande, na onyesho lako ni ovaroli ya mchimbaji yenye vumbi jekundu. Umeijaribu mwenyewe, ukaona vumbi linatoka baada ya kulala majini usiku kucha. Usiandike "Paka, sugua, suuza!" juu ya picha tatu zinazofuatana. Andika hivi:

Picha: jua linazama, ovaroli inaingizwa kwenye beseni.
Sauti: "Jioni, loweka."
Picha: beseni lilelile, mwanga wa asubuhi, mikono inasugua.
Sauti: "Asubuhi, sugua."
Picha: ovaroli ileile kwenye kamba, doa lililobaki likionekana.
Sauti: "Vumbi jingi la mgodi limeondoka."

Mistari hiyo haifiki sekunde 15. Muda umekatwa, lakini mtazamaji ameuona ukipita, na mama atakayeinunua sabuni atajua namna ya kuitumia. Kama doa lililobaki linamsumbua mwenye bidhaa, punguza ahadi ya mstari wa mwisho; usilete ovaroli mpya.

Tena, kwenye skripti yako, mbali na safu ya picha na safu ya sauti, ongeza safu ya tatu isiyosomwa hewani. Mbele ya kila mstari andika kitu gani hasa kitapigwa picha, na kitachukua muda gani kufika hapo. Kwa Rapid Shave safu hiyo ingesomeka: plastiki na mchanga; msasa wenyewe ungehitaji dakika 80. Ukiona safu hiyo inapingana na sauti, simamisha kazi ubadilishe mstari kabla kamera haijawashwa, maana wakati huo kosa bado linafutika kwa kalamu.